Waifai imekamata ila intaneti hakuna: tafuta panapokatikia kabla hujagusa kitundu cha riseti

Juzi asubuhi dada mmoja mwenye steshenari pale Uyole kanipigia simu, sauti imechoka kabisa, "Kaka, waifai inakamata, mistari yote imejaa, ila hakuna kinachofunguka, na hapa nina foleni ya vijana wanataka kutuma maombi ya mkopo." Nikamwambia dada usiguse kitu, hasa kile kitundu cha riseti nyuma ya rauta usikiguse, mi nakuja. Nikachukua bajaji toka Mwanjelwa na nimefika bado ukungu haujaondoka, vijana wamejikunyata kwenye benchi na makoti yao, na kompyuta zote tatu zinaonyesha kitu kilekile kwenye kona, No internet.

Nitaeleza tulivyoenda hatua kwa hatua kwa sababu hii ya dada ilikuwa na ushahidi wa uongo mwingi ndani yake, na ukielewa hii zingine nyingi utazipasua mwenyewe.

Kwanza ujue hayo maneno yanatoka wapi. Simu au kompyuta ikishaunganishwa na waifai huwa inajaribu kimyakimya kufungua anwani moja ndogo ya kujipima. Windows inaenda `www.msftconnecttest.com/connecttest.txt`, simu za Android zinaenda `connectivitycheck.gstatic.com/generate_204`. Jibu lisiporudi kama inavyolitegemea, inakuandikia hakuna intaneti. Basi. Haijui kama tatizo ni rauta, au ni kampuni inayokuuzia intaneti, au ni ile huduma ya kutafsiri majina. Kwaiyo ujumbe ni mmoja ila magonjwa ni matatu tofauti na dawa zake haziingiliani hata kidogo.

Fikiria barua inayotoka hapo dukani. Kwanza lazima itoke kwenye kompyuta ifike kwenye rauta, hicho ni kipande cha kwanza. Alafu itoke kwenye rauta iende kwa mtoa huduma mpaka nje duniani, kipande cha pili. Ila kuna kitu katikati watu wanakisahau: mtandao unatembea kwa namba, sio kwa majina. Ukiandika google.com lazima kwanza mtu aulizwe "huyu google.com namba yake ngapi?", na huyo anayeulizwa ndo DNS. Asipojibu, barabara inaweza kuwa safi mpaka Ulaya na wewe bado umekaa pale skrini inazunguka tu.

Zima data ya simu kabla hujaamini chochote

Swali la kwanza siku zote ni je, vifaa vyote vimegoma au kimoja. Nikamuuliza dada, akasema "kompyuta zote zimegoma ila simu yangu inafungua, na jana jioni fundi aliyekuja kubadilisha kampuni alinifungulia hadi video kwenye laptopu yake, nikaona kwa macho yangu." Hapo ndo wengi wanapotea, maana unasema aah kumbe intaneti ipo, basi kompyuta za dada ndo mbovu, unaanza kupiga windozi upya na vijana wamekaa pale.

Nikamwomba azime data kwenye simu yake. Ikagoma palepale. Simu nyingi za siku hizi zikiona waifai haina intaneti zinarudi kwenye bando lako bila kukuambia, ile alama ya waifai ipo juu lakini unakula bando. Kwaiyo simu ambayo data imewashwa sio shahidi, izime kwanza ndo upime.

Ila kukawa na kitu kidogo: WhatsApp kimya, brauza kimya, lakini Telegramu ya dada ikaingiza ujumbe mbili tatu, na data imezimwa. Hapo mi nikashtuka kidogo. Telegramu inakuja na namba za seva zake tayari ndani ya apu, haina haja ya kuuliza jina kwanza, kwaiyo ikipita yenyewe na zingine zote zimekwama, akili iende kwenye DNS. Sio uthibitisho bado, ni harufu tu.

Na kama ingekuwa simu moja tu imegoma na wenzake wote wanapeta, ningeangalia vitu viwili kwenye hiyo simu na wala nisingeisogelea rauta. Cha kwanza tarehe na saa, maana simu ikiwa inasema tupo mwaka 2015 inakataa vyeti vya tovuti salama na kila kitu kinaonekana kimekufa. Cha pili ni Private DNS kwenye seti za mtandao, mtu aliwahi kuandika jina la seva ya kuzuia matangazo akasahau, seva ikifa au njia yake ikizibwa Android inakuambia `Private DNS server cannot be accessed` na hapo intaneti imekufa kwa huyo mmoja peke yake. Rudisha kwenye Automatic, kwisha.

Maswali matatu kwenye skrini nyeusi

Kwa dada ni vyote, kwaiyo nikakaa kwenye kompyuta moja, nikafungua ile skrini nyeusi (bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, enta) nikaanza na hii:

```
ipconfig /all
```

Inamwaga maneno mengi, usiogope, tafuta mistari mitatu tu kwenye kipande cha waifai: IPv4 Address, Default Gateway na DNS Servers. Ya kwanza ni namba ya kompyuta yako, ya pili ni namba ya rauta, ya tatu ni nani anaulizwa majina. Ukikuta namba yako inaanza na 169.254 simama hapohapo, maana yake kompyuta imeshika mawimbi ya waifai lakini rauta haijaipa anwani, ikajipa yenyewe ya kubuni. Hilo ni la rauta au la kifaa, mtoa huduma hausiki kabisa hata ukimpigia mara kumi. Mara nyingi ni ile huduma ya kugawa anwani imeganda, kwenye menyu ya rauta inaandikwa DHCP, na hapo ndo kuzima rauta dakika moja na kuwasha kunasaidia kweli. Kama bado, angalia kama kuna mtu kachomeka rauta nyingine ya zamani mahali, rauta mbili zikigawa anwani kwenye nyumba moja wengine watapewa anwani za upande usio na njia.

Kompyuta ya dada ilikuwa na 192.168.1.14, rauta 192.168.1.1. Safi. Swali la kwanza: namfikia rauta?

```
ping 192.168.1.1
```

Majibu manne yote yamerudi kwa milisekunde 2 au 3. Kwaiyo waifai yenyewe nzima, kipande cha kwanza kimepita. (Kama ungeona mia tatu, alafu `Request timed out`, alafu tena mia nne, hapo umeunganishwa ndio lakini waifai ni dhaifu, sogea karibu na rauta upime upya kabla hujamlaumu mtu wa nje. Nyumba zetu hizi za tofali za kuchoma zenye kuta nene, vyumba viwili tu mawimbi yamechoka.)

Swali la pili: natoka nje kwa namba?

```
ping 8.8.8.8
ping 1.1.1.1
```

Hizo ni seva za majina za Google na Cloudflare, zinamjibu yeyote. Napima mbili kwa sababu moja inaweza kugoma kwa mambo yake. Zote zikajibu, kama milisekunde 40 hivi. Hapa ndo nikamwambia dada, "Intaneti yako ipo. Unayo sasa hivi." Akanitazama kama namtania, maana foleni ipo pale na hakuna kinachofunguka. Lakini ndivyo ilivyo, barua inatoka Uyole inafika kwa Google inarudi, kwaiyo fiba nzima, akaunti nzima, kampuni nzima. Kampuni imeshavuka, haina kesi tena.

Swali la tatu: majina yanatafsirika?

```
nslookup google.com
```

Ikarudi hivi:

```
*** UnKnown can't find google.com: Query refused
```

Hilo neno la mwisho lisome vizuri kwa sababu linasema mengi. Kama seva ya majina ingekuwa imekufa au haifikiki ningeona `DNS request timed out`. Hii imesema imekataa. Yaani seva ipo hai, imesikia swali, imeona linatoka kwa nani, ikasema wewe sikujibu. Nikajaribu kumuuliza mwingine kwa makusudi, unaongeza tu namba yake mwishoni:

```
nslookup google.com 8.8.8.8
```

Namba za Google zikaja palepale. Mgonjwa kapatikana: anayeulizwa majina ndo mbaya, kila kitu kingine kizima.

Kwa nini seva ikatae, na kwa nini laptopu ya fundi ilifungua

Nikarudi kuangalia ule mstari wa DNS Servers. Kulikuwa na namba mbili, na sio za kampuni mpya, ni za kampuni ya zamani aliyoihama jana yake. Rauta ni ya dada mwenyewe, aliinunua miaka miwili nyuma, na yule aliyeifunga kipindi hicho aliandika kwa mkono zile namba za DNS kwenye ukurasa wa DHCP, kwaiyo rauta ikawa inamgawia kila anayeunganishwa. Fundi wa jana akabadilisha upande wa nje tu, akaweka akaunti mpya, taa zikawa kijani, akaondoka. Upande wa ndani hakuugusa. Na seva za majina za makampuni haya kwa kawaida zinahudumia wateja wao tu, swali likitoka kwenye anwani ya kampuni nyingine linakataliwa. Kwaiyo dada alikuwa analipa kwa kampuni mpya huku anamuuliza njia mlinzi wa kampuni ya zamani.

Na laptopu ya fundi? Nikampigia mwenyewe nikamuuliza kwa heshima tu, "Kaka, kwenye laptopu yako DNS umeweka automatiki au umeandika?" Akasema ameandika 8.8.8.8 muda mrefu. Si ndo hapo. Laptopu yake haikuwahi kutumia zile namba za rauta, kwaiyo kwake kila kitu kilifunguka na alipima kwa nia njema kabisa. Tangu siku hiyo nawaambia mafundi wenzangu, ukimaliza kumfungia mtu usipime kwa kifaa chako, pima kwa kifaa cha mteja ambacho hakijawahi kuchezewa.

Dawa yenyewe dakika tano. Brauza, andika 192.168.1.1, ingia kwa paswedi ya rauta (sio ya waifai, ni nyingine, mara nyingi ipo kwenye stika chini ya rauta kama hakuna aliyeibadilisha), nenda LAN, alafu DHCP, utaona Primary DNS na Secondary DNS. Nikafuta za zamani nikaweka 1.1.1.1 na 8.8.8.8, Save. Ukiacha wazi rauta nyingi zitatumia DNS ya mtoa huduma zenyewe, na hiyo nayo ni sawa tu.

Alafu sasa hapa watu wanakata tamaa bure: unasevu, unarudi kwenye kompyuta, bado inagoma, unasema kumbe sio hii. Ni hii, ila kompyuta bado imeshika namba za zamani ilizopewa asubuhi, na rauta ikigawa huwa inagawa kwa muda maalumu, nyingi zinakuja na saa 24. Lazima uziombe upya:

```
ipconfig /release
ipconfig /renew
ipconfig /flushdns
```

Kwenye simu zima waifai washa tena, inatosha mara nyingi. Kompyuta ya kwanza ikafunguka, yule kijana wa mbele kwenye foleni akasimama hata kabla sijamaliza ya pili.

Sasa ping ya 8.8.8.8 ikigoma

Hii ndo njia panda nyingine. Rauta inajibu, nje hakujibu. DNS iache kabisa, usiiguse, haitakusaidia. Soma kwanza jibu lilivyoandikwa. Ukiona `Reply from 192.168.1.1: Destination net unreachable` maana yake rauta yenyewe ndo inakuambia mi sina njia ya kutoka. Ukiona kimya tu cha `Request timed out` inaweza kuwa imetoka ikapotelea mbele.

Ingia kwenye ukurasa wa rauta, tafuta Status alafu WAN, yaani upande wa nje. Kama IP ya pale ni 0.0.0.0 au pametupu, rauta haijapokelewa na mtoa huduma. Hapo angalia taa. Kwa wenye fiba kuna taa imeandikwa LOS, ikiwa nyekundu mwanga haufiki kwenye kile kiboksi, sio suala la seti wala paswedi, ni waya. LOS ikiwa imezimika na taa ya PON ni kijani imetulia lakini WAN pametupu, mwanga upo ila akaunti haiingii, na sababu ya kawaida ni malipo yameisha au jina la akaunti na paswedi ya kuingilia vimekosewa au vimefutika.

Na hapa ndo naomba sana kuhusu ile riseti. Kuna nyumba ya wageni Tukuyu niliitwa, taa ya LOS nyekundu inawaka na kuzima. Kabla sijafika, kijana wa pale akaingiza pini kwenye kitundu akashikilia mpaka taa zote zikazima. Rauta ikarudi kama ilivyotoka kiwandani, jina la akaunti na paswedi ya mtoa huduma vikafutika, na hakuna aliyeviandika popote. Nikafika nikakuta tatizo la mwanzo ni kabati lilisogezwa wakati wa kufagia likaubana waya wa fiba ukutani ukakunjika kama karatasi. Nikalisogeza kabati, nikaukunjua waya ukawa na duara pana kama mdomo wa kikombe kikubwa, ile nyekundu ikazima palepale. Ingeishia hapo. Lakini ikabidi wageni wakae siku mbili bila intaneti kusubiri kampuni itume upya zile taarifa. Kuzima na kuwasha kwa swichi hakufuti kitu, fanya tu. Riseti ya pini ni kitu kingine kabisa.

Fiba haipendi kukunjwa kona kali, mwanga unavuja pale kwenye kona. Na ukichomoa kichwa chake usikiguse ncha kwa kidole na usikichungulie, ule mwanga hauonekani kwa macho lakini ni leza. Rauta zingine za fiba zina ukurasa unaoonyesha nguvu ya mwanga unaoingia, imeandikwa Rx Power, ukikuta kwenye -15 mpaka -25 hivi upo vizuri, ikisogea -27 kwenda chini upo ukingoni, itakuwa inakata na kurudi, hasa kama maunganisho ya nje yameingia maji ya mvua. Hiyo namba piga picha, ni silaha yako ukipiga simu.

WAN ikiwa na IP nzima lakini nje bado hakuna, kwa wanaotumia rauta ya laini angalia salio la bando kwanza kabla ya yote, dalili yake ni majina yanatafsirika kwenye nslookup lakini hakuna kinachofunguka, au kila unachofungua kinakupeleka ukurasa wa kununua. Na IP ya WAN ikianza na 10 au kuanzia 100.64 mpaka 100.127 usishtuke, kampuni inachanganya wateja wengi nyuma ya anwani moja, sio ugonjwa.

Kama bando lipo, piga hii:

```
tracert -d 8.8.8.8
```

Mstari wa kwanza ni rauta yako, unaofuata kwa kawaida ni wa mtoa huduma. Ikiishia mstari wa kwanza na chini yote nyota mpaka mwisho, tatizo lipo kati yako na wao. Ikipita kwao mistari kadhaa ndo inakufa, ni ya kwao huko mbele. Nyota moja moja katikati usizihesabu, vifaa vingine huwa havijibu tu. Kuna siku pia ni kubwa kuliko kampuni yenyewe, kama Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, rauta nzima, taa kijani, IP ipo, na watu wakakesha wanabadilisha seti ambazo hazikuwa na kosa lolote. Kabla hujafungua kitu, muulize jirani anayetumia kampuni tofauti na yako.

Ukishajua ni ya mtoa huduma, piga simu ukiwa na vitu mkononi. Yule mama mwenye nyumba ya wageni safari iliyofuata alipiga mwenyewe nikiwa nimekaa pembeni. Kijana wa huduma kwa wateja akamwambia azime awashe rauta, mama akamjibu taratibu, "Mwanangu nimeshazima nimewasha. Rauta inajibu, 8.8.8.8 haijibu, LOS nyekundu tangu saa moja asubuhi, waya wa ndani haujakunjwa, nimeuangalia wote." Kimya kidogo, alafu kijana akaomba namba ya akaunti, akampa namba ya taarifa, na saa nane fundi akawa juu ya nguzo ya tatu kutoka getini, anakata kipande kilichosuguliwa na tawi la mparachichi.